Primakwini kabla ya kipimo cha G6PD: tusubiri au tuanze?

Mgonjwa wa malaria ya vivaksi akimaliza klorokwini, homa hushuka, damu husafika, naye huondoka akiamini amepona. Ndani ya ini bado vimebaki vimelea vilivyolala, ambavyo klorokwini haivigusi. Katika nchi za joto vinaweza kuamka baada ya wiki chache tu, homa ikaanza upya bila mbu mpya kumuuma. Primakwini ndiyo dawa ya kuviua. Tatizo ni kwamba mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD akiimeza, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka, maana kimeng'enya hicho ndicho kinachozikinga na sumu inayoachwa na dawa hiyo.

Wanaosema tuanze bila kupima wana hoja nzito. Kipimo mara nyingi hakipo karibu, na mgonjwa akiambiwa arudi baadaye huenda asirudi tena. Kila homa inayojirudia humpunguzia damu, na mtoto aliyeugua mara nne au tano kwa mwaka anaweza kufikia upungufu mkubwa wa damu bila kuonja primakwini hata siku moja. Kwa hiyo kumnyima mtu dawa nako kuna madhara, ila hayo hayaandikwi popote kama kosa la mhudumu.

Hoja yao nyingine inatoka kwenye majaribio yaliyofanywa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, ambayo mwaka 1956 yaliwezesha upungufu huu kutambuliwa. Ilionekana kwamba wenye aina ya upungufu inayopatikana sana kwa watu wenye asili ya Afrika walipungukiwa damu kwa muda, kisha ikapanda hata wakiendelea na dawa. Chembe kuukuu ndizo zilizopasuka, na changa zilizochukua nafasi yake zilikuwa na kimeng'enya cha kutosha kuhimili. Lakini mimi siwezi kujenga kanuni ya kutibu kila mtu juu ya matokeo hayo. Katika aina ya Mediterania hata chembe changa ni dhaifu, na dawa ikiendelea damu inaendelea kuisha. Ukimtazama mgonjwa usoni huwezi kujua ana aina gani.

Kipimo nacho kina mipaka yake. Chukua mwanamke wa kilo 60. Kipimo cha haraka, kinachojibu ana au hana, kimesema yuko sawa. Amepewa miligramu 0.5 kwa kilo, yaani vidonge viwili vya miligramu 15 kila siku kwa siku 7. Siku ya nne anahema akipanda ngazi, macho yana umanjano, mkojo umekuwa na rangi ya kahawa. Kipimo hakikuharibika. Jini la G6PD liko kwenye kromosomu ya X, na mwanamke mwenye nakala moja nzima na moja mbovu ana chembe za aina mbili zilizochanganyika. Kiwango chake cha kimeng'enya kinaweza kuwa asilimia 45 ya kile cha kawaida, ilhali vipimo vingi vya haraka hunasa tu walio chini ya asilimia 30 hivi. Kwake kilihitajika kipimo kinachotoa namba. Angejulikana mapema, angeweza kupewa kidonge kimoja kwa siku 14. Jumla ni ileile, miligramu 210, ila angepata muda wa kuona dalili na kuacha kabla hajameza nyingi.

Damu inapokuwa imetoka kupasuka kwa wingi, au mtu ameongezewa damu karibuni, kipimo kinaweza kusoma kawaida kwa uongo, kwa sababu zilizobaki ni chembe changa au za mtu mwingine. Jibu kama hilo lirudiwe baada ya wiki kadhaa.

Ninachoona kimesahaulika katika mabishano haya ni kwamba dawa hizi mbili hazina haraka sawa. Klorokwini ianze leo, kwa sababu vimelea vya kwenye damu ndivyo vinavyoua. Primakwini inaweza kungoja siku kadhaa hadi kipimo kipatikane. Aliyethibitika kuwa na upungufu anaweza kufikiriwa dozi ya mara moja kwa wiki kwa wiki 8, miligramu 0.75 kwa kilo, chini ya uangalizi wa karibu na mahali anapoweza kuongezewa damu. Mjamzito na mtoto wa chini ya miezi 6 hawapewi.

Na pale ambapo kipimo hakipatikani kabisa? Hapo ningepima himoglobini kwanza, nihesabu homa alizopata mwaka huo, niulize kama yuko karibu na hospitali yenye damu. Mwenye damu kidogo anayeishi mbali nisingempa. Nikimpa mwingine, namwambia atazame mkojo wake kila asubuhi, na siku utakapokuwa mweusi asimeze kidonge kinachofuata, aje siku hiyohiyo.