Karatasi mbili za mjomba: lini upime tena baada ya kuanza statini

Mjomba alinitandikia karatasi mbili za maabara mezani. Ya kwanza, kabla ya dawa, inaonyesha LDL, ile kolesteroli inayoziba mishipa, ikiwa milimoli 4.4 kwa lita. Ya pili, baada ya wiki nane za atovastatini miligramu 20, mojawapo ya statini, dawa za kushusha kolesteroli, inaonyesha 3.6. "Hebu niambie, mjomba," akasema, maana sisi huitana hivyo hivyo, "hii si maji tu?" Daktari alikuwa ameshamwandikia miligramu 40.

Kazi yangu ni kugawa dawa, na kuhusu muda sikuwa na ugomvi na mtu. Statini huanza kuishusha LDL ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, lakini hushuka ikatulia kwenye wiki ya nne hadi ya sita. Ndiyo maana miongozo mingi hutaka kipimo cha marudio kati ya wiki 4 na 12, tangu siku ya kuanza au ya kubadili dozi. Ukipima siku ya kumi utakuta safari iko katikati. Ukingoja mwaka mzima, basi miezi yote hiyo umeishi bila kujua kama dawa inafanya kazi. Mimi napenda wiki ya sita hadi ya nane.

Tatizo lilikuwa kwenye kusoma majibu. Watu hutazama namba mpya peke yake, wakaiona ni kubwa, wakaongeza dozi. Mimi huuliza kwanza imeshuka kwa asilimia ngapi kutoka ilikoanzia. Ya mjomba ilishuka 0.8 kati ya 4.4, yaani kama asilimia 18. Atovastatini miligramu 20 kwa kawaida hushusha karibu asilimia 40, kwa hiyo nilitarajia kuona namba iliyo karibu na 2.6. LDL ya mtu hupanda na kushuka yenyewe kidogo kati ya kipimo na kipimo, lakini si kwa pengo la ukubwa huo.

Kuongeza dozi nako kusingeziba pengo hilo. Ukizidisha dozi ya statini mara mbili, unapata nyongeza ya kama asilimia 6 tu ya ile namba ya mwanzo, kwa sababu kazi kubwa hufanywa na dozi ndogo ya kwanza. Kwa mjomba hiyo ni 0.26 hivi. Angetoka 3.6 akafika 3.3, na madhara yangeweza kuongezeka.

Nikamwomba anionyeshe vidonge. Alipewa pakiti mbili za vidonge 28, na ya pili ilikuwa haijafunguliwa. Akaniambia, bila haya hata kidogo, kwamba humeza siku akihisi kichwa kizito. Simlaumu. Hakuna aliyemweleza kwamba kolesteroli haiumi, na kwamba kidonge hiki hakifanani na cha maumivu.

Si kila pengo ni la vidonge vilivyosahauliwa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu huipandisha LDL, na kipimo chake ni rahisi kufanya. Halafu kuna kosa ambalo hata sisi wa kazi hulipitia bila kuliona: namba ya mwanzo yenyewe ikiwa ya uongo. Mtu akipata shambulio la moyo au maambukizi makali, LDL hushuka kwa wiki kadhaa. Ukiichukua hiyo kuwa kianzio, dawa itaonekana imefanya kazi kidogo kuliko ilivyofanya kweli. Kufunga kula kabla ya kipimo sikutilii mkazo, isipokuwa trigliseridi, mafuta mengine ya damu, zikiwa juu sana, maana hapo hesabu ya LDL huvurugika.

Daktari, baada ya kuelezwa habari ya pakiti, alikubali tubaki na 20. Wiki nane baadaye, mjomba akimeza kila usiku baada ya kupiga mswaki, LDL ilikuwa 2.5. Hiyo ni asilimia 43 chini ya mwanzo. Dawa si maji.

Lakini hapo ndipo swali la pili linapoanza, na watu hulichanganya na la kwanza. Asilimia huniambia kama dawa inafanya kazi yake. Lengo huniambia kama kazi hiyo inamtosha mtu huyu. Mjomba ana kisukari na shinikizo la damu, na daktari anataka LDL yake iwe chini ya 1.8. Sasa kupanda hadi 40 kuna maana, japo kwa hesabu ile ile kutamfikisha 2.2 tu. Akiongezewa ezetimibi, ambayo hukata kama asilimia 20 ya kilichobaki, atakaribia 1.8. Wameanza na 40 peke yake, na mimi ningeanza na zote mbili. Damu itachukuliwa tena baada ya wiki sita.