Kabla ya kulia mauzo yameshuka, tazama siku iliyotoka

Anayefanya biashara karibu na soko la Tengeru, mkoani Arusha, hahitaji kuambiwa kwamba Jumatano na Jumamosi ni siku za peke yake. Gulio likijaa, hata duka lililo pembeni ya barabara ya Moshi linauza mara mbili ya siku ya kawaida. Ukichora mauzo ya kila siku ya duka kama hilo, unapata meno ya msumeno, juu chini, juu chini, na huwezi kujua kama biashara inakua au inadumaa.

Kuna mama mmoja mwenye duka la vyombo pale ambaye namsaidia hesabu. Namba zake nimezinyoosha kidogo ili zifuatike, na zote ni kwa maelfu ya shilingi. Jumatatu anauza 180, Jumanne 190, Jumatano 420, Alhamisi 200, Ijumaa 210, Jumamosi 480, Jumapili 140. Jumla ni 1,820, na ukigawa kwa 7 unapata 260 kwa siku.

Wastani unaosogea ni kuifanya hesabu hiyo kila siku upya. Unachukua leo na siku sita zilizopita, unajumlisha, unagawa kwa 7. Kesho siku ya zamani kuliko zote inatoka, mpya inaingia. Kama mauzo yako kwenye safu wima B ya Excel kuanzia B2, andika hii kwenye C8, kisha iburute kwenda chini:

```
=AVERAGE(B2:B8)
```

Saba haikuchaguliwa kwa sababu inapendeza. Siku saba zozote zinazofuatana zina Jumatano moja tu na Jumamosi moja tu, kwa hiyo gulio haliwezi kuusukuma mstari wa wastani juu wala chini. Jaribu siku tatu kwa namba zilezile uone: wastani unaoishia Jumamosi ni 297, unaoishia Jumanne ni 170. Biashara haijabadilika hata senti, lakini mstari unapanda na kushuka kana kwamba duka lina homa. Kwa siku saba, wiki ikijirudia vilevile, mstari unalala kwenye 260 na kutulia.

Mpaka hapo hakuna ubishi. Ninachobishana na watu ni jinsi wanavyousoma mstari huo ukishachorwa. Wengi huona umeshuka leo wakasema leo mambo yalikuwa mabaya. Sivyo. Kila siku kuna namba mbili zinazousogeza mstari, iliyoingia na iliyotoka, na badiliko lote la siku moja ni hili:

```
=(B9-B2)/7
```

Yaani leo, toa siku kama ya leo wiki iliyopita, gawa kwa saba. Hizo siku sita za katikati ambazo macho yanazikodolea hazina mchango wowote katika hatua hiyo.

Sasa tazama kilichompata mama. Alhamisi moja kikundi cha vikoba kilikuja kununua masufuria makubwa na sahani za shughuli, na badala ya 200 siku ikafunga kwa 900. Nyongeza ni 700, ukigawa kwa 7 ni 100, kwa hiyo mstari ukaruka siku ileile kutoka 260 hadi 360. Ukakaa huko Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, mpaka Jumatano iliyofuata, ingawa siku zote hizo aliuza kama kawaida yake. Alhamisi ya pili ikafika. Siku hiyo aliuza 230, ambayo kwa Alhamisi ni nzuri, imezidi kawaida kwa 30. Lakini iliyotoka ilikuwa 900. Toa 900 kwenye 230, gawa kwa 7, mstari unaanguka kwa karibu 96 na kutua kwenye 264.

Akanipigia simu. "Mwanangu, mbona tunaporomoka? Nilitaka kuagiza ndoo, sasa naogopa."

"Mama, leo umeuza vizuri. Kilichoushusha mstari ni wale wa vikoba kutoka kwenye hesabu."

"Kwa hiyo wiki nzima ile nilikuwa nafurahia watu ambao wameshaondoka?"

Ndivyo hasa. Oda moja kubwa inachora kilima chenye kichwa bapa cha siku saba kamili, kinapanda ghafla na kushuka ghafla. Ukiona umbo hilo kwenye chati, usitafute sababu siku ya mteremko, rudi siku saba nyuma. Ndiyo maana sikubali chati yenye mstari wa wastani peke yake. Acha nguzo za kila siku zionekane nyuma yake kwa rangi hafifu, na ile nguzo ndefu ya Alhamisi itajieleza yenyewe bila simu kupigwa.

Kuna jambo jingine linaloharibu mstari kimyakimya, nalo ni siku za kufunga. Tuseme angekuwa hafungui Jumapili na daftari lisiwe na Jumapili kabisa. Fomula inahesabu safu mlalo saba, haijui kalenda. Safu saba zinazoishia Jumatano zitabeba Jumatano mbili, na wastani utakuwa 300. Zinazoishia Jumamosi zitabeba Jumamosi mbili, karibu 309. Zinazoishia Jumatatu, 266. Meno yamerudi, na safari hii ni ya kutengenezwa na jedwali lenyewe. Kila tarehe iwe na safu mlalo yake, hata siku ya kufunga.

Ndani ya safu hiyo uandike nini? Ukiandika 0, wastani unakuwa 240, kwa sababu 1,680 imegawanywa kwa 7. Ukiacha kisanduku kitupu, AVERAGE inakiruka na kugawa kwa 6, unapata 280. Zote mbili ni halali: ya kwanza ni mauzo kwa siku ya kalenda, ya pili ni kwa siku ya kazi. Ila ukichanganya, Jumapili hii sifuri na ijayo tupu, unapata tofauti ya 40 ambayo hakuna mteja aliyeileta. Binafsi naweka 0 pale duka lilipofungwa, na ninaacha tupu pale tu mauzo yalipokuwepo lakini hayakuandikwa.

Kumbuka pia kwamba mstari huu unachelewa. Wastani wa leo unaeleza katikati ya siku saba, yaani siku tatu nyuma. Ukitaka kujua badiliko lilianza lini, sogeza kila thamani nyuma siku tatu ikae juu ya siku ya nne kati ya siku zake saba. Gharama yake ni kwamba siku tatu za mwisho hazitakuwa na mstari. Kwa kuangalia miezi iliyopita nafanya hivyo. Kwa kufuatilia wiki hii, nauacha ulipo na kuvumilia ucheleweshaji.

Na usiutwike mzigo usio wake. Siku saba zinafuta gulio, hazifuti mshahara wa mwisho wa mwezi, wala Desemba ya Moshi, pale Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na maduka kujaa. Huko mstari utapanda kweli na utashuka kweli Januari, na Januari hiyo ni ya kulinganishwa na Januari ya mwaka uliotangulia. Mama wa Tengeru ndoo zake aliagiza, kwa kiasi kilekile cha siku zote, kwa sababu 264 na 260 kwa duka lake ni kitu kimoja.