Gramu moja ya guarana ina kafeini kiasi gani?

Wauzaji wa vidonge vya guarana, mmea wa Amazoni wenye mbegu za kuchangamsha, husema nguvu yake ni ya asili, hutoka polepole, wala haiushtui moyo kama kahawa. Wanaowapinga husema ni kafeini tu yenye jina la kigeni. Kila upande una ukweli wake, lakini kwa habari ya moyo na usingizi wapinzani wana hoja nzito zaidi.

Kemia yenyewe haina utata. Mwaka 1826 mwanasayansi Mjerumani, Theodor von Martius, alitenga kiini cha guarana akakiita guaranini. Baadaye ikathibitika kuwa ni kafeini ileile ya kahawa, chai na mbegu za kola. Ikishaingia kwenye damu, mwili hauulizi imetoka mmea gani.

Tofauti ya kweli iko kwenye kiasi na namna ya kutumia. Kola mbichi, inayotafunwa sana Afrika Magharibi, ina maji mengi. Ikikauka, kafeini huwa karibu asilimia 2. Kipande kibichi cha gramu 10 kinaweza kuwa na miligramu 80 hivi, sawa na kikombe cha kahawa. Lakini ni kichungu, na mtu hukitafuna taratibu. Kwa Wasateré-Mawé wa Amazoni nchini Brazili, guarana hukaushwa ikawa kijiti kigumu, kisha husagwa kidogo ndani ya maji. Uchungu na kazi ya kusaga ni breki, na hapa watetezi wa mmea wana haki. Yapo pia majaribio ambamo dozi ndogo ya guarana, yenye kafeini isiyofika hata robo kikombe cha kahawa, ilionekana kuamsha akili, ishara kwamba huenda viambato vingine vinachangia.

Kidonge huondoa breki hiyo. Mbegu ya guarana iliyosagwa tu ina kafeini ya asilimia 3 hadi 6, hivyo kidonge cha miligramu 500 kina kama 20. Lakini vidonge vingi hutengenezwa kwa dondoo, yaani unga uliokolezwa, na aina inayouzwa sana ina kafeini ya asilimia 22. Uzito uleule wa miligramu 500 sasa unabeba 110. Lebo zote mbili zinaweza kuandika "guarana 500 mg" na zikaishia hapo. Asilimia ya kafeini isipoandikwa, hakuna hesabu unayoweza kufanya, na kwangu hiyo inatosha kuirudisha chupa rafuni.

Chukua dereva wa usiku anayemeza vidonge viwili vya dondoo hiyo saa kumi jioni, pamoja na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu la mililita 250, lenye kafeini ya miligramu 80. Jumla ni 300 kwa mara moja, wakati mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaweka 200 kwa mara moja na 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa wastani mwili huchukua saa tano kuondoa nusu ya kafeini. Saa tatu usiku bado anazo 150. Saa nane usiku, 75. Akiwahi kulala, atalala usingizi mwepesi unaokatika, aamke amechoka, kisha aongeze kidonge. Wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huiondoa polepole zaidi, na kwa wajawazito kikomo ni 200 kwa siku nzima. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, nayo huchelewesha uondoaji huo.

Kuhusu moyo, tusitishane. Kahawa ya kiasi haijaonekana kuongeza hatari ya moyo kudunda bila mpangilio kwa watu wengi. Hatari hukua dozi inapokuwa kubwa na ya ghafla: shinikizo la damu hupanda, mapigo huenda mbio, na mwenye shinikizo lisilodhibitiwa au ugonjwa wa moyo ambao hajaujua ndiye huumia kwanza. Anayetafuna miraa ajihadhari zaidi. Miraa haitegemei kafeini bali kathinoni, kemikali jamii ya amfetamini, nayo pia hupandisha shinikizo na mapigo. Kuishushia kwa vinywaji vya kuongeza nguvu ni kuusukuma moyo kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Mikono ikitetemeka, tumbo likichafuka na moyo ukidunda kwa nguvu, dozi imezidi: acha kila chanzo cha kafeini siku hiyo, chai ikiwemo. Maumivu ya kifua, kuzirai, au mapigo yanayorukaruka hata ukiwa umetulia ni ya kukimbizwa hospitali, na chupa ya vidonge ichukuliwe ili daktari aone kilichomo.