Mangi Meli alining'inia kwa saa ngapi?

Krismasi iliyopita tulikuwa Old Moshi, kihambani kwa baba mkubwa, ukoo mzima umepanda kutoka Dar, Arusha na kwingineko. Mbege ilikuwepo ya kutosha, migomba imelowa mvua ya alasiri, watoto wanakimbizana na kuku. Ndipo mpwa wangu, kijana mwenye bidii, akatoa simu na karatasi akasema anatengeneza kijitabu cha ukoo na anataka tumpe kisa cha kunyongwa kwa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, "lakini kile cha kweli."

Baba mkubwa akaanza. Akasema Wajerumani walimtundika Meli mtini, na kwa saa saba hakufa. Saba. Aliitaja namba hiyo mara tatu, kila mara ameinua mkono, na kila mara sisi tukaguna. Mwishoni ikabidi apigwe risasi. Hajamaliza kumeza mate, mjomba wangu wa Kibosho, kaka yake mama, akadakia: "Shemeji, na Molelia je?" Kwake yeye kisa kinaanza na Mangi Molelia wa Kibosho, aliyenyongwa siku hiyohiyo. Meli anaingia baadaye, na mjomba haongelei saa. Anaongelea jinsi walivyotembea kwenda mtini bila kushikwa mkono.

Mpwa wangu aliandika yote mawili. Wiki mbili baadaye akanitumia rasimu: Molelia anatembea bila kushikwa mkono, Meli ananing'inia saa saba, vyote katika aya moja iliyonyooka, na juu yake kichwa "Historia Sahihi". Niliisoma nikaumia, na nimeamua kuandika kwa nini.

Lililoandikwa linajulikana. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga watu 19 hapa Moshi, wakiwemo Meli, Molelia na Ngalami wa Siha. Miaka minane kabla, mwaka 1892, Meli alikuwa amewapiga Wajerumani na kamanda wao akafia vitani, kabla hawajarudi na nguvu kubwa zaidi mwaka 1893. Hakuna mzee anayebishana na hayo. Saa saba ni jambo la aina nyingine. Ni sifa. Baba mkubwa alikuwa anamsifu Meli kwa kutumia saa, kama mwingine anavyosifu kwa kutaja simba. Mjomba alikuwa anamsifu Molelia kwa kutumia hatua za miguu. Ukizichanganya sifa mbili za wasimulizi wawili waliokuwa wakishindana mbele ya shemeji zao, unapata habari ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisimulia.

Kosa hili si geni, na limewahi kufanywa na watu wasomi kuliko mpwa wangu. Shaka wa Wazulu aliuawa mwaka 1828 na ndugu zake. Sifa zake, zile ambazo Wazulu huziita izibongo, zilibaki vinywani mwa waghani, na mghani wa aina hiyo huitwa imbongi. Mwanzoni mwa karne ya 20 James Stuart, aliyekuwa hakimu Natali, alizikusanya kwa wazee wengi, mmoja mmoja. Kisha akaziunganisha kuwa shairi moja refu, na hilo ndilo wengi tunalolisoma leo tukidhani ndivyo lilivyoghaniwa.

Sasa angalia izibongo zinavyofanya kazi. Si hadithi yenye mwanzo na mwisho. Ni mafungu mafupi, kila fungu ni jina la sifa pamoja na tukio lililolizaa. Kuna moja linalosema Shaka hapigiki, yuko kama maji. Kuna jingine ambamo mghani anamwambia arudi nyumbani, wafalme amekwisha kuwamaliza. Jina lenyewe halibadiliki sana, kwa sababu wasikilizaji wanalijua na watalidai. Kinachobadilika ni mpangilio. Mghani anayemkaribisha mfalme anayetoka vitani atarundika mafungu ya ushindi mbele. Akiona watu wamechoka na vita, lile la "rudi nyumbani" analileta mapema na analirudia, na hapo sifa inakuwa onyo ambalo mtu wa kawaida asingethubutu kulitamka. Ukiyashona mafungu yote pamoja, maneno yanabaki yaleyale lakini chaguo la mghani limepotea. Huwezi tena kujua nani alimwonya nani, na lini.

Nije kwetu, kwa Fumo Liyongo, maana huyu kila aliyesoma Kiswahili anadhani anamjua. Wengi tunamjua kupitia utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Lakini Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapisha kisa chake kwa nathari mwaka 1870, na pwani ya Kenya kisa kimeendelea kusimuliwa bila kumwomba ruhusa Kijumwa wala Steere.

Ukiyaweka masimulizi haya kando kwa kando, kuna kitu kinaonekana upesi. Vitu vya kushikika havisogei. Liyongo yuko gerezani. Mama yake anamtumia mkate, na ndani ya mkate kuna tupa. Nje ngoma inapigwa kwa nguvu ili mlio wa tupa usisikike. Anakata pingu na kutoka. Baadaye anauawa kwa sindano ya shaba inayochomwa kitovuni akiwa amelala. Anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta uzi, na anafia hapohapo katika mkao huo. Watu wanakaa na kiu kwa kuogopa kumsogelea maiti. Tupa, shaba, kitovu, kisima. Sijaona usimulizi unaothubutu kuviacha, na sababu ni nyepesi: ukitoa tupa, hatoki gerezani, ukitoa shaba, hafi.

Watu ndio wanaosogea. Nani alimchoma? Kwa Kijumwa ni mwanawe wa kuzaa, kijana aliyerubuniwa na Sultani wa Pate. Wengine husema ni mpwa. Na adui ni nani? Wengine humweka Sultani wa Pate, wengine humtaja Mringwari, ndugu yake Liyongo mwenyewe, wakigombea utawala. Fikiria tofauti ya uchungu. Akiuawa na mwanawe kwa hila ya mfalme wa mji mwingine, lawama inavuka maji na kutua Pate, na nyumbani kinabaki kisa cha mtoto aliyeponzwa na tamaa. Adui akiwa Mringwari, kidonda kiko ndani ya ukoo, na msimulizi lazima achague upande mbele ya watu ambao huenda wanajihesabu uzao wa mmoja wao. Kwa maoni yangu hapa ndipo hadithi ya shujaa inapogeuka: kwenye majina ya jamaa, si kwenye vitendo. Tangu nilipoliona hili kwa Liyongo, ndilo ninalolisikilizia kwa wazee wetu. Mti wa Meli hauhami. Anayesimama karibu na mti ndiye anayebadilika, kutegemea mezani wameketi shemeji wa wapi.

Kuna anayesema basi turudi kwenye usimulizi mmoja mkamilifu, ule mrefu kuliko yote, tuuite asili. Huyo ningependa asikie habari za Rureke. Mwaka 1956, katika misitu ya Wanyanga mashariki mwa Kongo, mghani aliyeitwa Candi Rureke aliombwa na mtafiti Daniel Biebuyck asimulie utenzi wa Mwindo wote, mwanzo mpaka mwisho. Mwindo ni mtoto wa mfalme ambaye baba yake hakutaka mtoto wa kiume. Akamtupa mtoni amefungiwa ndani ya ngoma, na mtoto akaimba humo ndani akielea kwenda kwa shangazi yake. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza kwa siku 12, vijana wakimpigia mdundo na kumwitikia, yeye mara kwa mara akisimamisha kisa ili ajitaje mwenyewe na kuwashukuru wenyeji. Kitabu kikatoka mwaka 1969 na watu wakasema, huu hapa utenzi kamili.

Lakini Rureke mwenyewe hakuwa amewahi kuusimulia wote kwa mfululizo. Katika maisha ya kawaida aliitwa jioni, akaombwa sehemu moja, akaimaliza, akala, akaenda zake. Ule ukamilifu uliletwa na ombi la mgeni mwenye daftari. Baadaye Biebuyck alichapisha masimulizi mengine matatu ya Mwindo kutoka kwa waghani wengine, na shujaa wa huku si yule wa kule. Usimulizi mrefu ni usimulizi mmoja tu, uliofanywa kwa siku zake, kwa ajili ya mtu fulani.

Ndiyo maana nilimwandikia mpwa wangu nikamwomba aivunje ile aya. Nilimwambia aweke masimulizi mawili, kila moja kivyake, na juu ya kila moja aandike mambo manne: nani alisimulia, wapi, nani alikuwa anasikiliza, na aliombwa nini hasa. Hilo la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Yeye aliomba "kisa cha kweli", na neno hilo pekee lilimfanya baba mkubwa ashike namba saba kama ngao. Nilimwomba pia asirekodi wazee wawili kwa pamoja mara ya kwanza, maana wa pili hasimulii tena, anajibu. Mjomba siku ile alikuwa anajibu. Na asifute miguno yetu kwenye rekodi. Ukisikia usimulizi ambao hakuna anayeguna, hakuna kipande cha wimbo, na kila kitu kina mwaka wake, ujue mzee alikuwa anamjibu mwenye karatasi na si kuwasimulia watu.

Alikubali nusu. Kichwa "Historia Sahihi" kimeondoka. Ile aya bado anaing'ang'ania, anasema wasomaji watachanganyikiwa. Tunaendelea kubishana naye, kwa upendo.

Mwezi huu nilipanda tena kumjulia hali baba mkubwa, nimeongozana na binti yangu wa miaka tisa. Alimwamkia, "Shikamoo babu," akakaa miguuni pake karibu na moto, kisha akauliza kwa nini Meli hakukimbia. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo mzee, si mimi wala mpwa wangu. Alinyamaza kitambo. Kisha akaanza kusimulia, na safari hii hakutaja saa hata moja. Alianzia asubuhi, na Meli akiwa mlangoni anatazama mlima, akihesabu watu waliokuwa wamebaki nyumbani ambao wangechomewa nyumba kama asingetokea.