Mto Songwe na uzito wa mpaka

“Mpaka uliochorwa na wakoloni una uzito gani kimaadili?”

Ndugu, tenganisha chanzo cha mpaka na kazi yake leo. Waingereza na Wajerumani waliufanya Songwe, mto ulio kati ya Tanzania na Malawi za leo, kuwa mpaka mwaka 1890, na kule bondeni Kyela mto huhama baada ya mafuriko. Mkulima hajasogea hata hatua, shamba la mpunga liko ng'ambo. Hapo hoja ya mwanafalsafa Joseph Carens, anayetetea mipaka iliyo wazi, ina nguvu: bahati ya kuzaliwa mahali fulani haihalalishi tofauti kubwa za maisha. Mwanafalsafa mwenzake David Miller atajibu kwamba wanaolipa kodi pamoja na kutii sheria moja wanadaiana zaidi. Nakubali, kwa shule na zahanati. Lakini kudaiana huko hakuelezi kwa nini jirani wa Karonga, upande wa Malawi, azuiwe kuja kufanya kibarua. Hilo linahitaji hoja nyingine kabisa.