Kifungu cha kurudisha gharama za mafunzo: mfanyakazi ajue atadaiwa kiasi gani

Katika mikataba yote ya ajira ninayopitia, kifungu kinachozaa ugomvi mkubwa mtu anapoaga kazi ni kile cha kurudisha gharama za mafunzo. Mara nyingi huandikwa hivi:

"Endapo Mwajiriwa atasitisha ajira yake, au ajira yake itasitishwa kwa sababu yoyote ile, kabla ya kutimia kwa kipindi cha miezi ishirini na minne tangu kukamilika kwa Mafunzo, Mwajiriwa atawajibika kumrejeshea Mwajiri gharama zote za Mafunzo, zikiwemo lakini bila kuishia kwenye ada, usafiri na malazi, kwa uwiano wa muda uliosalia, na Mwajiri atakuwa na haki ya kukata kiasi hicho kutoka katika stahiki zozote za Mwajiriwa."

Wengi wakiombwa kurahisisha kifungu kama hiki hukata sentensi vipande vipande, hubadilisha "Mwajiriwa" kuwa "wewe", kisha huona kazi imekwisha. Mimi naamini hapo kazi haijaanza. Ugumu wa kifungu hiki haumo kwenye urefu wa sentensi. Umo kwenye maamuzi ambayo mwajiri hajayafanya, na lugha nzito imeyafunika. Ukijaribu kukiandika kwa maneno ya kawaida, unakwama, na pale unapokwama ndipo penye swali la kumpelekea mwanasheria na meneja.

Tuanze na "kwa sababu yoyote ile". Kampuni ikipunguza wafanyakazi miezi mitatu baada ya mafunzo, je, anayeondolewa adaiwe? Kwa maneno yalivyo, anadaiwa. Lakini mwambie mwajiri aiandike wazi: "Tukikupunguza kazini, utatulipa gharama za mafunzo." Wengi wataona aibu kuisaini sentensi hiyo, na nadhani wana haki ya kuona aibu. Mtu hawezi kutozwa kwa uamuzi ambao si wake.

Kisha kuna "gharama zote" na "kwa uwiano wa muda uliosalia" ndani ya sentensi moja. Ni zote au ni sehemu? Uwiano unahesabiwa kwa siku au kwa miezi? Aliyefanya kazi miezi 15 na siku 20 anahesabiwa miezi mingapi? Na "bila kuishia kwenye" inaacha mlango wazi kabisa: mshahara aliolipwa akiwa darasani nao ni gharama? Mfanyakazi anasaini deni asilolijua ukubwa wake, ilhali siku ya kusaini bei ya mafunzo kwa kawaida inajulikana.

Maswali hayo yakishajibiwa na wenye mamlaka, kuandika kunakuwa kwepesi. Tuseme ada ni 800,000, nauli 150,000 na malazi 250,000. Kifungu kinaweza kusomeka hivi:

"Kampuni inakulipia mafunzo yenye gharama ya 1,200,000: ada 800,000, nauli 150,000 na malazi 250,000. Hutadaiwa gharama nyingine yoyote ya mafunzo haya.

Ukiacha kazi kwa hiari yako kabla ya miezi 24 kupita tangu siku mafunzo yalipoisha, utarudisha sehemu ya gharama hizi. Kila mwezi kamili unaofanya kazi baada ya mafunzo unapunguza deni kwa 50,000. Kwa mfano, ukiacha baada ya miezi 15, inabaki miezi 9, kwa hiyo utarudisha 450,000. Ukifukuzwa kwa kosa kubwa la nidhamu, hesabu ni hiyo hiyo.

Hutadaiwa chochote tukikupunguza kazini, au ukiacha kwa sababu ya ugonjwa uliothibitishwa na daktari.

Tutakata deni kwenye mshahara wako wa mwisho, lakini hatutakata zaidi ya robo ya mshahara huo. Sheria ikiruhusu kiasi kidogo kuliko robo, tutafuata sheria. Kinachobaki utalipa kwa awamu 6 za kila mwezi zinazolingana."

Kimekuwa kirefu kuliko cha kwanza, na sioni ubaya. Tuache kudhani kwamba lugha nyepesi lazima iwe fupi. Mfano wa miezi 15 umechukua nafasi, lakini umejibu maswali ambayo maelezo matupu yasingeyajibu.

Aya ya mwisho ya kifungu hicho, ile ya makato, inahitaji uangalifu kuliko zote, maana mwajiri hawezi kujipa haki ya kukata "stahiki zozote" kwa kuiandika tu. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unahusu ulinzi wa mishahara. Ibara yake ya 8 inasema makato yaruhusiwe tu kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, au kwa makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na kwamba wafanyakazi wafahamishwe masharti hayo na kiwango hicho. Kwa hiyo kabla hujaandika "robo", hakiki sheria ya kazi inayokuhusu.

Wanasheria hunijibu kwamba maneno mazito yanamlinda mwajiri. Nawaelewa kwa sehemu. "Kosa kubwa la nidhamu" nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu kanuni za nidhamu za kazini huwa zimeshalieleza, na kulibadilisha kungezua mabishano mapya. Kwenye mkataba halisi, tofauti na mfano wangu hapo juu, hutaja hapo hapo kanuni ipi inalieleza. Lakini "zikiwemo lakini bila kuishia" halimlindi mtu. Mahakama za nchi nyingi, zikikuta kifungu chenye maana mbili, hukisoma dhidi ya aliyekiandika. Utata alioupanda mwajiri humrudia mwenyewe.

Wapo pia wanaoacha kifungu cha zamani kilivyo, kisha wanaambatisha karatasi ya maelezo rahisi. Sipendi njia hiyo. Karatasi ikisema miezi inahesabiwa tangu mafunzo yaishe, na mkataba ukasomeka vingine, kipi kinashinda? Mfanyakazi aliamini karatasi, mwajiri atashika mkataba. Maneno rahisi yawe ndiyo mkataba wenyewe.

Utajuaje kama kimeeleweka? Usiulize "umeelewa?", kwa sababu mbele ya bosi kila mtu ataitikia ndiyo. Wape watu wachache watakaosaini kisa hiki, kila mmoja ajibu peke yake kwenye karatasi: "Mwenzako alimaliza mafunzo tarehe 31 Machi. Aliacha kazi kwa hiari yake tarehe 31 Agosti mwaka uliofuata. Anadaiwa kiasi gani?" Jibu ni 350,000, maana amefanya miezi 17 na imebaki 7. Anayehesabu tangu mafunzo yalipoanza atapata kiasi kidogo zaidi. Anayeandika 1,200,000 hajaona kwamba deni linapungua. Majibu yakitofautiana, usiwalaumu waliojibu. Rudi kwenye sentensi iliyowapoteza, iandike upya, kisha jaribu na watu wengine ambao hawajaisoma.

Kuna jambo moja ambalo maofisa rasilimali watu hulisahau: waliokwisha kusaini kifungu cha zamani hawahamii kwenye kipya kwa kutumiwa barua pepe. Wanahitaji nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na pande zote mbili, yenye tarehe ya kuanza kutumika, na inayotamka kwamba kifungu cha zamani kimefutwa. Na aliyekwisha kufanya miezi 10 chini ya kifungu cha zamani, nyongeza yake iseme kwamba miezi hiyo 10 inahesabiwa.