"Habari" yako imekaa kikasha cha mtu tangu Jumatano

Juzi mdogo wangu kaja kwangu hapa Uyole, baridi inakata masikio, chai hajagusa. Simu mkononi. "Kaka, kanisoma halafu kanyamaza." Nikadhani ni mambo ya mapenzi. Kumbe ni afisa ajira.

Alifanya usaili Jumanne, nafasi ya msimamizi wa ubora kwenye kiwanda cha kufungashia parachichi upande wa Tukuyu. Aliyemtafuta ni dada mmoja wa wakala wa ajira Dar, walianza kuongea humo humo LinkedIn. Nikamwambia nionyeshe ulichoandika.

Jumatano saa mbili asubuhi: "Habari." Saa nne: "Shikamoo madam." Alhamisi: "Vipi kuhusu lile suala?" Ijumaa, alama mbili za kuuliza, peke yake. Na chini ya meseji ya mwisho, kapicha kadogo ka yule dada, maana yake kaiona. Mdogo wangu alikuwa anakachungulia kale kapicha kama mtu anayesubiri ugali wa msibani.

Lile suala lipi, bwana mdogo?

Nimekaa miaka mitatu upande wa pili wa hizo meseji, kwa hiyo niacheni niseme. Asubuhi unafungua kikasha unakuta watu arobaini, na kila mmoja unaona jina, picha na maneno machache ya mwanzo tu. Kati ya hao arobaini, ishirini na tano wameandika "Habari" wakanyamaza, wanangoja uitikie ndipo waseme shida. Wa nafasi ipi? Usaili wa lini? Inabidi upande juu kwenye maongezi, ufungue faili, utafute. Hufanyi. Unamfungua mwenye shida inayoonekana.

Najua, najua. Huku kwetu huwezi kumvaa mtu na shida bila salamu, mama zetu wangetuchapa. Mimi mwenyewe nikipita kwa wazee bila kusimama, habari inafika nyumbani kabla yangu. Sisemi usisalimie. Nasema salamu na shida vikae kwenye meseji moja, na salamu iwe ya maneno matatu. Ukianza na "natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu ya kulijenga taifa", nafasi yote ya kuonekana nje umeimaliza kwa kulijenga taifa. Na hiyo shikamoo kwa dada wa miaka ishirini na sita, mh.

Tukakaa tukaandika upya. Nilimuuliza, swali gani lilikushinda? Akasema waliuliza atajuaje tunda limekomaa kabla ya kuvunwa, akajibu rangi. Hapo ndipo alipoteleza. Parachichi aina ya Hass likiwa mtini huwa kijani tu, weusi unakuja baadaye likiiva. Jibu sahihi alilijua, lilimtoroka akiwa kitini. Basi hilo ndilo la kuandika:

"Habari za leo, dada. Tulifanya usaili Jumanne iliyopita, nafasi ya msimamizi wa ubora, Tukuyu. Asanteni kwa muda wenu. Kwenye swali la ukomavu nilitaja rangi, na kwa Hass haitoshi. Ningechukua sampuli ya nyama ya tunda, niipime, niikaushe hadi uzito usishuke tena, kisha nipime upya nijue asilimia ya ukavu. Ulisema majibu ni kufikia Ijumaa ya jana. Kama ratiba imesogea, naomba kujua ni lini."

Inaishia hapo. Dada ana kitu cha kumpelekea mwajiri, na ana swali moja analoweza kulijibu amesimama kwenye daladala. Kama jopo lilishaamua, haitamrudisha mezani, nisikudanganye. Na ilipaswa kwenda Jumatano ile ile, bila hiyo sentensi ya ratiba. Ya kuulizia inangoja siku waliyoahidi ipite.

Maana wakala haamui, jamani. Anamngoja mteja wake, na mteja yuko shambani au kasafiri, naye hana cha kukwambia. Ingawa, haya, nikubali: mstari mmoja wa "bado sijapata jibu" haumalizi bando la mtu. Tulikuwa hatuutumi kwa uvivu, tukauita utaratibu.

Halafu asome kabla ya kutuma. LinkedIn inakuruhusu kurekebisha meseji ndani ya saa moja, lakini taarifa inaweza kuwa imeshaingia kwenye barua pepe ya mwenzako, na jina la kampuni nyingine ndani yake.

Tulituma Jumamosi. Jumatatu mchana jibu likaja: "Asante, nimewafikishia. Mteja amesogeza hadi Jumatano."

Mdogo wangu kanipigia mbio mbio. "Nimjibu nini?"

"Mjibu asante, nitasubiri."

"Halafu kesho nimsalimie?"

Nikakata simu.